Nafasi Tupu Kando ya Jina la Filipo

Raheli mke wa Andrea hakuwa mtu wa kalamu. Alikuwa mtu wa jembe, wa mtama na uwele, na wa ulimi usiolala. Mumewe alikuwa akisema kwamba siku Raheli atakaponyamaza, yeye atakwenda kuita mganga. Lakini katika zile nyumba chache zilizosimama juu ya mbuga, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Iguguno, ni yeye peke yake kati ya wanawake aliyekuwa amefika darasa la nne. Kwa hiyo mwaka ule wa 1956, watu walipokwisha kuvuna na kuanza kukumbuka mambo yao mengine, kazi ya kalamu ilimfuata nyumbani bila kubisha hodi.

Aliyeileta alikuwa Simeoni, ndugu wa mama yake. Raheli alikuwa uani anapepeta uwele.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwipwa wangu. Mgeni hajambo?”

“Hajambo. Analia kama mtu mwenye kesi barazani.”

“Kesi anayo,” akasema Simeoni, akaketi kwenye kigoda bila kungoja kuambiwa. “Hana jina.”

Mgeni huyo alikuwa mtoto wa Elina, binti wa Raheli, aliyekuja kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Mtoto wa kiume, mzima, kichwa chake kirefu kama boga. Mwezi ulikuwa umepita na bado kila mtu alimwita mgeni.

“Jumapili ya ubatizo,” Simeoni akaendelea, “tutakutana hapa baada ya kanisa. Tumesema isomwe habari ya ukoo. Iwe fupi, isizidi kurasa mbili za daftari. Watu watakuwa na njaa. Ianze kwa wa kwanza tunayemjua, ifike mpaka kwa huyu mgeni. Ile picha aliyoiacha Filipo unayo?”

“Ninayo.”

“Basi andika kutoka humo. Na ukifika kwa Filipo mwenyewe, tia msalaba, uandike mwaka wa kufa kwake. Mtoto achukue jina la babu yake.”

Ungo ukasimama mikononi mwa Raheli. Alielewa mara moja, kwa maana kwao Wanyiramba mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Kumwita mtoto Filipo ni kusema Filipo amekufa, na kusemwa hivyo mbele ya ukoo mzima, juu ya karatasi, ni kufunga mlango na kuweka komeo. Filipo alikuwa kaka yake. Waliofuatana tumbo moja walikuwa wawili tu, Filipo na yeye, na katika muda wote tangu aondoke hakuna siku Raheli aliyokubali kumtaja kwa “marehemu”.

“Mwaka gani, mjomba?” akauliza. “Nani ameuona?”

“Utautafuta,” akasema Simeoni. “Msomi ni wewe.”

Filipo alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, ile ya kuta za udongo na madawati ya magogo. Ndiye aliyemfundisha Raheli kusoma, nyumbani, kabla hata hajapelekwa shule, akiandika herufi kwa kijiti juu ya vumbi na kumfokea alipozikanyaga. Mwaka 1942 Serikali ya Mwingereza ilipotafuta askari, alikwenda. Wengine walisema alikwenda kwa kutaka, wengine walisema jumbe alilitoa jina lake kwa sababu ya ugomvi wa malisho. Raheli hakutaka kuujua ukweli wa hilo. Mwaka 1944 ikaja karatasi kutoka bomani, ikisema kwamba askari huyo hajulikani alipo, katika nchi ya Burma. Haikusema amekufa. Raheli aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, na mama yao Rahabu alipofungua kinywa kupiga yowe, yeye alimshika mkono kwa nguvu akamwambia, “Usilie, mama. Hawajasema amekufa. Kumlilia aliye hai ni kumwita kifo.” Mama akanyamaza. Naye Raheli akajisifu moyoni kwamba amemwokoa kaka yake.

Kabla ya kuondoka, Filipo alikuwa ametembea vijiji vingi akiwauliza wazee, akachora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa. Kisha akaipeleka mjini Singida kwa Mhindi mpiga picha. “Karatasi nitakwenda nayo,” alimwambia dada yake. “Huko jeshini kutakuwa na watu wa kwetu kutoka kila upande, nitawauliza na nyongeza. Wewe nakuachia picha yake. Nikirudi tutazilinganisha.”

Basi kilichobaki ni picha hiyo, ukubwa wa kiganja cha mkono. Karatasi kubwa iliyojaa majina, miaka na maneno ya pembeni, imebanwa ikawa ndogo kiasi hicho. Raheli aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, na kila alipokifungua aliitazama kama mtu anavyotazama mlima wa mbali: anaujua upo, lakini mawe yake hayahesabiki.

Kesho yake alichukua daftari la senti ishirini, akaketi mlangoni penye mwanga. Akaanza vibaya. Alisoma jina lililokuwa juu kabisa, Shango, akashuka na mstari mpaka kwa Kiula, akashuka tena mpaka kwa Msengi, baba yake yeye na Filipo. Akaandika kwa fahari kama alivyosikia kanisani: Shango alimzaa Kiula, na Kiula alimzaa Msengi, na Msengi alimzaa Filipo na Raheli. Kazi ya nusu saa! Akajiona mwandishi. Simeoni alipopita jioni kutoka machungani, alimsomea.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika ubavu. “Mwipwa wangu, umeandika vizuri sana habari za ukoo wa watu wengine.”

“Watu gani, mjomba? Huyu si baba yangu?”

“Ni baba yako, Mungu amrehemu, na ni shemeji yangu, tumekula pamoja. Lakini ukoo ulimfuata baba tangu lini? Sisi tulimfuata mama. Wewe ni wa kwetu kwa sababu ya Rahabu. Mgeni ni wa kwetu kwa sababu ya Elina. Sasa katika hayo uliyosoma, Rahabu yuko wapi? Mama yetu Wande yuko wapi? Mimi mwenyewe niko wapi?”

Raheli akaitazama picha. Ilikuwa kweli. Filipo, mtoto wa misheni, alikuwa amechora mti wake kama nasaba za Biblia, baba juu ya mwana, mwana juu ya mjukuu, mistari imenyooka kwa rula. Kosa lile lingeweza kufanywa na Mnyiramba msomi tu. Mnyiramba asiyejua kusoma asingelifanya kamwe. Ila wazee aliowauliza walikuwa wamemjibu kwa desturi yao, wakimtajia mama na ndugu za mama, naye hakuwa na mahali pa kuwaweka. Akawaandika pembezoni. Ukoo wenyewe ulikuwa pale kwenye maneno madogo ya kingo, mengine yamelala ubavu, mengine yamepinduka juu chini, kila moja na kamshale kake kuelekea jina fulani.

“Asiyekuwepo na lake halipo,” akasema Simeoni akiinuka. “Watoe huko pembeni, mama zako.”

Jicho tupu halikutosha. Raheli alitembea mpaka Iguguno kwa Zefania, mhudumu wa zahanati, akaazima kwake kioo cha kukuzia ambacho Zefania alikitumia kutafutia miiba kwenye nyayo za watu. Aliporudi alianza upya, na safari hii alifanya kama kaka yake alivyomfundisha zamani: nakili kwanza, elewa baadaye. Kwenye kurasa za mbele za daftari aliandika kila alichokiona, neno kwa neno, na makosa yake, bila kurekebisha chochote. Neno asiloweza kulisoma aliliachia nafasi na kuweka nukta. Mwaka wenye tarakimu isiyosomeka aliuandika na pengo lake. Kurasa za nyuma aliziweka kwa ajili ya yale atakayoambiwa na watu, ili maneno ya picha na maneno ya midomo yasichanganyike kama chumvi na sukari.

Ilikuwa kazi ya macho na shingo. Picha ilimetameta juani, ikabidi aiinamishe huku na huku mpaka mng'ao uondoke. Aliizungusha kufuata maandishi ya ukingo wa kulia, kisha ya juu, kisha ya kushoto. Siku ya pili aligundua jambo: maandishi hayakuwa na weusi mmoja. Majina na maneno mengine yalikuwa meusi, yamekolea. Mengine yalikuwa hafifu kama moshi, na karibu yote ya hafifu yalikuwa na alama ya kuuliza mbele yake. Alifikiri sana. Kisha akakumbuka tabia ya kaka yake kwenye madaftari: alichokijua alikiandika kwa wino, alichokitilia shaka alikiandika kwa penseli. Wino ulitokea vizuri kwenye picha. Penseli ilikaribia kufutika. Raheli akashtuka, maana mtu asiyetazama vizuri angeziona tarehe tu, asizione alama za kuuliza, na mashaka yote ya Filipo yangegeuka kuwa ukweli mikononi mwake. Akarudi nyuma, akapitia kila mwaka kwa kioo, akitafuta ile alama ya moshi.

Kisha kulikuwa na bibi yake, Wande. Kamshale kalikoelekea kwa Msengi kalitoka ukingoni, kwa mkewe: “Rahabu, binti wa Wande. Alizaliwa 1897?” Na chini yake: “Wande, alizaliwa 1886?” Raheli alihesabu kwa vidole akapiga makofi peke yake. Bibi alizaa akiwa na miaka kumi na mmoja! Ama Filipo alikosea, ama jicho lake ndilo lilikosea. Aliposogeza kioo aliona kwamba mkia wa ile sita haukuwa maandishi. Ulikuwa mkunjo wa karatasi uliopita juu ya sifuri. Ulikuwa mwaka 1880. Hakuridhika na hilo pia. Kando yake palikuwa na maneno ya wino: “Ng'ombe walipokufa wote, Wande alikuwa anateka maji kwa mtungi.” Akamwendea mama yake.

Bi Rahabu aliishi naye tangu Msengi afariki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini mikono ilikuwa haijui kukaa. Muda huo alikuwa anapukuchua mahindi.

“Mama, bibi alikuwa mkubwa kiasi gani ng'ombe walipokufa kwa sotoka?”

“Alikuwa ameanza kubeba mtungi mkubwa. Alituambia walipita kisimani katikati ya mizoga, wameziba pua.”

“Mtoto wa miaka mitano anabeba mtungi mkubwa?”

“Wa miaka mitano anabeba kibuyu, tena anakivunja,” akasema Bi Rahabu.

Sotoka Filipo alikuwa ameiandika kwa wino, 1891. Basi Wande alikuwa na umri kama wa miaka kumi na mmoja, na 1880 ikakaa mahali pake. Raheli akaandika “karibu na mwaka 1880”, kwa sababu ile alama ya kuuliza ilikuwapo na yeye hakuwa na haki ya kuifuta.

Hivyo ndivyo alivyokwenda, siku hata siku, huku mboga zikiungua na Andrea akinung'unika kwamba ameoa karani. Kwa kweli Raheli alikuwa anafurahi. Alikuwa anafurahi kwa sababu kila alipoinamia kioo alikuwa shuleni tena kwa kaka yake. Aliijua herufi yake ya “k” yenye mguu mrefu, na jinsi alivyosahau kuweka nukta juu ya “i” alipokuwa na haraka. Mahali fulani alifuta jina na kuandika lingine juu yake, na Raheli akamwona kabisa amekunja uso. Hamu ikamshika kifuani kama kiungulia. Alimtaka Filipo, si kwa maneno mazuri ya matanga, alimtaka aje amfokee kwa mwandiko wake mbaya.

Jambo lililomvunja kabisa lilikuwa kwenye pembe ya chini. Hapo palikuwa na doa jeupe ambalo miaka yote alidhani ni kosa la Mhindi. Alipoweka kioo juu yake aliona ukucha. Halafu akaona kovu dogo linalokata ngozi chini ya ukucha, kovu la mundu, alilolipata Filipo akikata majani ya kuezekea. Lilikuwa dole gumba lake. Karatasi ilikuwa imejikunja kwa kuwa alitembea nayo imeviringishwa ndani ya mwanzi, na picha ilipopigwa aliikandamiza pembe kwa kidole. Hawakuwa na picha nyingine ya Filipo, hata moja. Na sehemu hiyo ya mwili wake ilikuwa imekaa ndani ya kitabu cha nyimbo muda wote, Jumapili kwa Jumapili, bila yeye kujua.

Juu ya kidole palianza maneno ya wino yenye kamshale kwa jina lake mwenyewe: “Raheli. Huyu ndiye”. Yaliyobaki yalikuwa chini ya gumba.

Aliinamisha picha, akaigeuza, akaiangalia kwa nyuma kama mpumbavu. Huyu ndiye nani? Huyu ndiye mkaidi? Huyu ndiye atakayeandika? Raheli akalia pale mlangoni, kioo cha zahanati mkononi, na Elina aliyekuja na mtoto mgongoni akadhani ameingiwa na mchanga machoni. Katika daftari aliandika “Raheli. Huyu ndiye”, akaacha nafasi, akaweka nukta. Kujaza asichokiona alikuwa amejikataza, hata pale alipotamani zaidi kuliko mahali pengine pote.

Ikabaki sehemu ya Filipo. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino, 1917, kisha kistari, kisha weupe mtupu. Majina ya wazee yalikuwa na mwaka baada ya kistari na msalaba mdogo pembeni. Raheli aliipitia misalaba yote akitafuta namna ya kumkatalia mjomba wake, na akaipata ukingo wa juu, katika mstari uliopinduka ambao alikuwa ameunakili bila kuufikiria: “Msalaba ni kwa waliozikwa na watu wetu wakaona.” Karibu na Wande palikuwa na jina la Mkumbo, kaka wa bibi huyo, na maneno: “Alikwenda upagazi 1893. Hakurudi.” Mkumbo hakuwa na msalaba.

Filipo mwenyewe alikuwa amempa jibu. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Simeoni na daftari kwapani.

“Mjomba, si mimi ninayekataa. Ni yeye mwenye mti. Ameandika kwa wino: asiyeonekana akizikwa hana msalaba. Mkumbo amemwacha wazi. Naye tutamwacha wazi. Mtoto atafutiwe jina lingine, majina yamejaa ukooni.”

Simeoni alichokonoa kiko chake. “Nimeisikia sheria yake,” akasema. “Sitapingana na mtu juu ya karatasi yake mwenyewe. Lakini kabla ya Jumapili, msomee mama yako. Mtoto wa tumbo ni wa kwake.”

Raheli hakutaka. Alikuwa amemlinda mama yake na habari hiyo tangu ile karatasi ya bomani, na mbele yake jina la Filipo lilitajwa kwa nadra, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyopita penye mtoto aliyelala. Hata hivyo neno la mjomba ni neno la mjomba. Asubuhi ya Ijumaa Elina alipokuwa anamwogesha mgeni, Raheli alivuta kigoda karibu na mama yake, akasoma.

Ilikuwa habari nzuri, hata mimi ninayesimulia lazima niseme. Ilianza kwa Mwasi, mama wa Mkumbo na Wande, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani. Ikaja sotoka, kisima na mitungi. Ikaja ngome ya Mjerumani kule Mkalama na wanaume waliobebeshwa mawe. Ikaja njaa baada ya vita vya Wajerumani, Rahabu akimnyonyesha Filipo huku yeye mwenyewe anakula mizizi. Hilo lilitoka midomoni mwa watu, na Raheli alisema hivyo ndani ya maandishi: “kama anavyosimulia Simeoni”. Bi Rahabu alisikiliza huku mahindi yakidondoka kwenye ungo. Raheli alipofika kwa kaka yake alisoma haraka: “Filipo alizaliwa mwaka 1917. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1942 alikwenda vitani. Habari zake bado tunazingoja.”

Mahindi yakanyamaza.

“Umesoma juu ya Mkumbo,” akasema Bi Rahabu. “Umesoma kwamba hakurudi. Unajua mama yake, Mwasi, alifanya nini?”

“Picha haikusema, mama.”

“Alimwekea ugali kila jioni, akausogeza karibu na moto usipoe. Alikufa anauweka. Watu walimkataza kumlilia. Kwa hiyo Mkumbo hakuliliwa, na kwa kuwa hakuliliwa hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Mtafute Mkumbo mwingine katika ukoo huu. Hayupo. Kama kaka yako asingekuja kuniuliza, huyo mtu angekuwa kama hakuzaliwa.”

Raheli hakuwa na neno. Ajabu hiyo Andrea angetoa mbuzi aione.

“Wewe unamngoja Filipo,” mama akaendelea, bila ukali. “Ngoja, sikukatazi. Lakini mimi nilijua. Siku ile ya karatasi maziwa yaliniuma, mimi mwanamke niliyekwisha kuacha kunyonyesha zamani. Nikataka kulia, ukanishika mkono. Nikasema moyoni, mtoto huyu aliyebaki anaogopa, ngoja nimsubiri kidogo. Nimekusubiri, Raheli. Nimezeeka nikikusubiri. Naomba nimlilie mwanangu.”

Hapo Raheli aliona alichokifanya. Alidhani anamlinda mama, kumbe mama ndiye aliyekuwa anamlinda yeye, ameushikilia msiba kifuani miaka yote hiyo kama mtu aliyebebeshwa mzigo asiambiwe mahali pa kuutua. Aliteleza kutoka kwenye kigoda akapiga magoti.

“Nisamehe, mama. Lakini mwaka siujui. Siku siijui, wala mahali. Nikiandika mwaka nitakuwa nimeutunga.”

“Basi andika unaoujua,” akasema Bi Rahabu.

Akaweka ungo chini, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani, na yowe lile lililokuwa limemkaa kooni likatoka. Lilivuka ua, likavuka mashamba yaliyovunwa. Andrea alitupa shoka akaja mbio. Wanawake walitoka nyumba za jirani wakifunga kanga njiani, hawajui nani amekufa, na walipoambiwa ni Filipo hakuna aliyeuliza lini. Waliketi chini wakalia naye, wengi wao kwa machozi waliyokuwa wameyaweka kwa ajili ya watu wao wenyewe waliokwenda na hawakurudi. Simeoni alikuja na kundi la wazee, akaagiza moto wa matanga uwashwe. Raheli alilia kuliko wote. Hakuna aliyemshika mkono.

Jumamosi jioni, uso umevimba, alichukua daftari akafuta mstari mmoja. Msalaba hakuutia, hiyo ilikuwa sheria ya Filipo na ilikuwa sheria nzuri. Aliandika polepole, kwa wino.

Baada ya kanisa watu walijaa uani. Raheli alisimama akasoma, tangu Mwasi mpaka Wande, tangu Wande mpaka Rahabu na Simeoni, wake kwa waume, kila mmoja amefungwa kwa mama yake, na penye shaka alisema kwamba ni shaka. Alipofika kwa kaka yake aliendelea:

“Filipo, mwana wa Rahabu, alizaliwa mwaka 1917. Alikuwa mwalimu, na yeye ndiye aliyekusanya habari hizi. Mwaka 1942 alikwenda vitani, hakurudi. Siku hatuijui wala mahali hatupajui. Mama yake alimlilia nyumbani mwaka 1956, na ukoo wake wote ukalia naye.”

Wazee wakaitikia. Simeoni akamtazama Elina, Elina akamtwaa mtoto akamweka mapajani mwa Bi Rahabu. Bibi alimpapasa uso kwa vidole, paji, pua, kidevu, taratibu, kwa kuwa macho hayakumsaidia. Kisha akaliita lile jina kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa akiliita zamani kutoka mlangoni jua likizama, na ng'ombe bado hawajarudi. Mtoto akashtuka, akakunja ngumi, akaanza kulia.

“Yupo,” akasema Bi Rahabu, akamfunika kwa kanga.